Sekunde saba: saa ya shambani kwenye gemu na saa ya ukutani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika mkutano wetu wa kila mwezi hapa Nairobi, wa wachezaji na watengenezaji wa gemu. Waliokwama kwa sababu ya mvua waliniomba niiweke yote. Picha nilizoonyesha ukutani sikuziweka hapa.

Wenzangu, hamjambo? Poleni na mvua. Kabla sijasema lolote, naomba kila mmoja atoe simu yake na afungue ile saa ya kuhesabu sekunde. Msibonyeze bado. Haya, bonyezeni. Tukae kimya.

Sita, saba. Zimeni.

Mmesikia urefu wake? Ni muda wa kupiga miayo na kujifuta machozi. Lakini kwa mkulima wa Stardew Valley, ile gemu ya kulima shamba, dakika kumi zimepita. Saa ya gemu ile haisogei dakika moja moja, inaruka kumi kumi, na kila mruko unakula sekunde 7 za maisha yenu. Miruko sita ni saa moja ya shambani, yaani sekunde 42. Mkulima anaamka saa kumi na mbili asubuhi, na akikaidi kulala, saa nane usiku anaanguka palepale alipo. Hizo ni saa 20, miruko 120. Zidisha kwa 7 upate sekunde 840, ambazo ni dakika 14. Kwa muda ambao matatu inangoja abiria wawili wa mwisho pale Ngara, mtu ameshalima, amevua samaki, amegombana na jirani na amelala.

Swali langu leo ni dogo. Kwa nini 14? Kwa nini si 5, kwa nini si 40? Tena, hizo dakika 14 zinahusiana vipi na mimea, na jua, na sisi tulioshika simu?

Nianze na jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tunapaswa kuliona mapema kuliko wengine. Siku ya gemu hii inaanza alfajiri, na sisi tangu zamani tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza. Tarehe yake nayo haibadiliki saa sita usiku. Ukiwa bado unachimba mgodini saa saba usiku wa Jumatano, kalenda bado inasema Jumatano. Ndani kabisa, mahali mchezaji hapaoni, gemu inaandika saa kama namba: asubuhi ni 600, saa sita usiku ni 2400, saa saba usiku ni 2500, na ule mwisho wa kuanguka ni 2600. Saa ya ishirini na sita! Hakuna saa ya ukutani yenye saa ya ishirini na sita. Lakini mlinzi wa usiku ukimuuliza leo ni lini, hatakubali kwamba siku imeisha kabla hajaenda kulala. Katika gemu hii siku inaisha mtu anapolala. Si kabla.

Hapo ndipo penye siri yote. Kulala ndiko kunakogeuza siku, na kugeuka kwa siku ndiko kunakokuza mmea.

Nina binamu yangu mdogo, yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita alikuja kwetu akiwa na shamba lake kwenye simu, na akaniambia anataka koliflawa. Koliflawa kule inachukua siku 12. Mbegu yake ni sarafu 80 na zao linauzwa 175, kwa hiyo si mchezo kwa mtu ambaye mfuko wake bado haujanona. Akapanda mbegu nyingi, akaweka pesa zote. Kisha nikamwona anafanya jambo la ajabu: anamwacha mkulima amesimama katikati ya shamba, anaenda kunywa chai, anarudi kumwangalia. Nikamuuliza, unafanya nini? Akaniambia, “Kaka, nataka zipate muda wa kukua.”

Wenzangu, mmea wa gemu hauhesabu dakika. Mmea unahesabu usiku. Mkulima anaweza kuamka saa kumi na mbili, akamwagilia haraka, akarudi kitandani saa kumi na mbili na nusu. Mmea utakua siku nzima, sawa kabisa na wa jirani aliyekesha hadi saa nane. Koliflawa inataka usiku 12 ulioanza na udongo uliolowa. Basi. Ukimwagilia na kulala, siku 12 zinaweza kukwisha ndani ya nusu saa ya kwetu. Ukizicheza zote hadi mwisho, ni karibu saa 3. Mmea hauoni tofauti yoyote.

Kwa hiyo tunapouliza siku moja ya gemu ni sawa na muda gani wa kweli, hatuna budi kuuliza pia: kwa nani? Kwa miguu ya mkulima, muda unakimbia kama mara 86 kuliko wa kwetu, maana sekunde 7 zinabeba sekunde 600. Kwa mmea, hakuna mbio wala mwendo. Mmea umelala kama picha mchana kutwa, halafu unaruka hatua moja wakati skrini imekuwa nyeusi. Saa mbili tofauti, kwenye shamba moja.

Na binamu yangu? Alipanda tarehe 17. Msimu una siku 28. Fanyeni hesabu: 17 na 12 ni 29. Tarehe 29 haipo. Asubuhi ya kwanza ya kiangazi aliamka akakuta shamba zima limekauka, kwa sababu koliflawa ni zao la msimu wa kwanza na msimu ukigeuka linakufa usiku huohuo. Angepanda tarehe 16 angevuna siku ya mwisho kabisa, tarehe 28. Siku moja! Alinyamaza, kisha akauliza kwa nini kiangazi kile kinakuja usiku mmoja. Nikamwambia huko walikotengeneza gemu wana misimu minne, na hata kwao haiji usiku mmoja. Kalenda ya gemu imefanywa kali makusudi.

Sasa turudi kwenye lile la 14. Siku ya dakika 14 haikupatikana kwa kugawanya saa 24 kwa namba fulani nzuri. Ni bajeti. Mnajua bajeti ya mwisho wa mwezi: inatosha karibu kila kitu, na huo ukaribu ndio unaomnyima mtu usingizi.

Hebu tuchukue asubuhi moja. Unataka mbegu. Duka la mbegu la Pierre linafunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na Jumatano halifunguliwi. Umeamka saa kumi na mbili. Una saa 3 kabla ya mlango kufunguliwa: miruko 18, sekunde 126, yaani dakika 2 na sekunde 6 za kweli. Katika dakika hizo mbili unamwagilia, unapapasa kuku, unaokota mayai. Ukiwa na mimea michache utamaliza na utasimama mlangoni kwa Pierre ukisubiri. Ukiwa na mimea mingi na kopo dogo la kumwagilia, utafika mchana. Toka saa tatu hadi saa kumi na moja ni sekunde 336, dakika 5 na nusu hivi. Ukienda kwanza mgodini, kaskazini kabisa, ukasahau kutazama saa, utarudi ukute mlango umefungwa. Na kama kesho ni Jumatano? Umepoteza siku mbili za kupanda kwa kosa la sekunde thelathini.

Mnaona sasa? Siku ingekuwa dakika 40, ungefanya yote, halafu ungekaa ukitazama mto. Ingekuwa dakika 5, ungemwagilia tu ukalala. Dakika 14 zinakulazimisha kuchagua: leo mgodi au leo duka. Uchaguzi huo ndio gemu yenyewe.

Lakini msidhani ni lazima iwe hivyo. Gemu nyingine ya shamba, Harvest Moon ya kwanza kabisa, ile ya Japani ya mwaka 1996, ilikuwa na utaratibu mwingine. Saa ilitembea kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kisha ikasimama. Ikasimama kabisa! Usiku ulikuwa hauna mwisho mpaka mkulima alale. Ungeweza kufyeka shamba zima gizani, na kilichokuzuia hakikuwa saa bali nguvu za mwili zilizokwisha. Mimi, kusema kweli, naupenda ule usiku. Ndio unaofanana na usiku wa ushago nilioujua utotoni, umeme ukikatika na hakuna anayejua ni saa ngapi. Ila kwa mtengenezaji una tatizo: mchezaji anasukuma kazi zote usiku, na mchana unakuwa wa kwenda dukani tu.

Na kuna kusimama kwa namna nyingine. Ukicheza Stardew Valley peke yako, ukifungua mkoba, saa inasimama. Unapanga vitu vyako bila haraka. Ukicheza na wenzako, mkoba haukuokoi tena. Dada zangu wawili waliwahi kulima pamoja, na nusu ya ugomvi wao ulitoka hapo. Mmoja anafungua mkoba kutafuta jembe akidhani muda umesimama, kumbe mwenzake anatembea na saa inatembea naye. Halafu siku haigeuki mpaka wote wawe kitandani. “Lala basi!” “Nangoja samaki!” Nyumba nzima inasikia. Muda wa watu wawili hauwezi kusimamishwa na mmoja, na sidhani kuna fundi atakayelitatua hilo bila kumkera mmoja wao.

Sasa, wapo waliosema: kwa nini tuhangaike na sekunde 7? Tutumie saa ya ukutani. Animal Crossing, gemu ya kuishi kijijini, inafanya hivyo. Kifaa chako kikisema saa mbili usiku, kijijini ni saa mbili usiku. Siku mpya inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mti unaopanda leo utaukuta umekua hatua moja kesho, kesho ya kweli.

Inapendeza, sivyo? Mwulizeni kaka yangu. Anapika kwenye hoteli moja hapa mjini, zamu ya jioni. Anatoka saa nne usiku, anapambana na gari la kwenda Githurai, anafika saa tano. Katika New Horizons, Animal Crossing ya mwaka 2020, duka la kijijini linafunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa nne usiku. Kila akifika, limefungwa. Asubuhi amelala. Kwa miezi miwili kaka yangu aliishi kwenye kijiji ambacho kila mtu yuko kitandani.

Akafanya mnachokijua. Akaingia kwenye mipangilio ya kifaa, akarudisha saa nyuma. Duka likafunguka, akafurahi. Tatizo ni kwamba alikuwa amenunua tanipu, zile mboga za mizizi. Tanipu kule ni kama hisa: unanunua Jumapili kabla ya saa sita mchana, bei ya kuuzia inabadilika asubuhi na mchana kila siku, na Jumapili inayofuata zinaoza. Yeye alirudisha saa siku nzima nyuma, hadi jana yake. Alipofungua gemu, tanipu zote zilikuwa zimeoza na nzi juu. Kwenda mbele siku moja kungemwachia mali yake. Kurudi nyuma, hapana. Waliotengeneza walijua kabisa watu watageuza saa, wakaacha mlango wazi, lakini wakatega hapo penye faida.

Kwa hiyo muda wa kweli una haki yake, lakini unampendelea mtu mwenye ratiba ya ofisini. Sekunde 7 hazimuulizi mtu anatoka kazini saa ngapi.

Nimalizie na aibu yangu mwenyewe, maana wengine hapa mnatengeneza gemu na sitaki mrudie.

Mnajua nina gemu yangu ya shamba, shamba la sukuma wiki na maharagwe, mfano wa pale kwetu Limuru. Niliazima zile sekunde 7. Kompyuta yangu inachora picha 60 kwa sekunde, kila picha ni fremu moja, kwa hiyo nikasema: kila fremu 420, sogeza saa dakika kumi. Kwangu ilikwenda sawasawa. Nikampa kaka aijaribu kwenye simu yake ya bei nafuu. Baada ya wiki akaniambia, “Gemu yako ni tamu, lakini siku ni ndefu kama ya kufunga.” Nikadhani anatania. Nikaja na saa ya sekunde, nikapima: mruko mmoja, sekunde 14. Simu yake inachora fremu 30. Siku yake ilikuwa dakika 28, na aliyalima maharagwe yangu yote huku anapiga mluzi. Bajeti niliyoisumbukia miezi mitatu ilikuwa mara mbili kwa kila mwenye simu dhaifu.

Dawa yake inajulikana: usihesabu fremu, hesabu muda uliopita tangu fremu ya mwisho, ujumlishe kwenye debe, debe likifika sekunde 7 usogeze saa. Lakini hata hapo nilikosea mara mbili. Kosa la kwanza: debe likijaa nililimwaga lote na kuanza sifuri. Hapana. Toa 7, bakisha kilichozidi. Kwenye simu ya fremu 30 unaweza kumwaga karibu sekunde 4 kwa siku nzima kidogo kidogo, na hutaziona kamwe kwa macho.

Kosa la pili ndilo lililonichekesha. Mama alikuwa anacheza, akapigiwa simu na shangazi. Nanyi mnamjua shangazi wa kila mtu. Dakika 20. Aliporudi kwenye gemu, debe lilimiminiwa dakika 20 kwa mkupuo mmoja, saa ikaruka kupita usiku wa manane, na mkulima wa mama akaanguka shambani mbele yake bila kugusa kitu. Mama akaniambia, “Mwanangu, huyu mtu amekufa kwa sababu nilipokea simu?” Siku hizi muda wa fremu moja naukatia kikomo: ukizidi robo sekunde, nahesabu robo sekunde tu. Na gemu ikienda nyuma ya skrini, saa inasimama.

Mama huyohuyo ndiye aliyenionyesha jambo la mwisho. Nilikuwa nimeazima pia machweo ya gemu za ng'ambo, giza linaloingia polepole kwa saa mbili za gemu, anga likibadilika rangi moja baada ya nyingine. Mama akatazama, akauliza, “Hii ni Limuru gani? Huku kwetu jua likizama, ukigeuka kuchukua ndoo unakuta usiku.” Nikaenda kupima, na yeye ndiye mkweli. Hapa karibu na ikweta, toka jua lizame mpaka giza lishike ni dakika ishirini na kidogo, na saa yenyewe ya kuzama haihami sana mwaka mzima, nusu saa hivi. Dakika 21 kwa mwendo wa sekunde 7 ni sekunde 15 hivi za kweli.

Nimeweka 15. Ila sasa kuku wangu wanatembea polepole, na kutoka uani hadi bandani wanahitaji sekunde 22. Kila jioni watatu wanabaki nje gizani, na mama anakataa kulala mpaka wameingia. Aliye na wazo, simu yangu mnayo.